Kwa nini fotoni mbili huchora mstari

"Mtaalamu, nimesoma kuwa kwenye kipimo cha PET, kile kinachopiga picha ya dawa ya mionzi iliyosambaa mwilini, mashine hupokea fotoni mbili, yaani chembe mbili za mionzi, kwa wakati mmoja, kisha inasema chanzo kipo kwenye mstari unaounganisha vigunduzi viwili vilivyozipokea. Kwa nini mstari, na si nukta? Na inajuaje kwamba fotoni hizo mbili zimetoka mahali pamoja?"

Nianze na kile mashine inachokiona hasa, maana ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Haioni uvimbe, haioni moyo wala ubongo. Ina pete ya vipande vidogo vya fuwele, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita chache tu, na mgonjwa amelala katikati ya pete hiyo. Fotoni ikiingia kwenye fuwele, fuwele humweka mara moja kwa mwanga hafifu. Kwa kila mmweko mashine huandika mambo matatu: ni fuwele ipi, ni wakati gani, na fotoni ilikuwa na nishati kiasi gani. Mengine yote, pamoja na ule mstari unaouliza, ni hesabu inayofanywa kutokana na mambo hayo matatu.

Sasa twende ndani ya mwili. Chukua mgonjwa aliyechomwa sindano ya dawa, yaani glukosi iliyoungwa na florini-18. Kiini cha florini-18 kina neutroni chache mno kwa protoni zake, kwa hiyo hakitulii. Mapema au baadaye protoni moja hugeuka neutroni, na positroni hutupwa nje. Positroni ni pacha wa elektroni kwa kila kitu isipokuwa chaji, ambayo kwake ni chanya. Carl Anderson aliitambua mwaka 1932 akichunguza mionzi itokayo angani. Ikishatoka kwenye kiini, positroni hujipenyeza katikati ya molekuli za tishu, ikigonga hapa na pale na kupoteza kasi, mpaka karibu inasimama. Kwa florini-18 safari hiyo kwa kawaida haifiki hata milimita moja. Hapo hukutana na elektroni, na zote mbili zinatoweka. Tungamo lao lote linageuka nishati, na nishati hiyo lazima iondoke.

Inaondokaje? Jibu la swali lako liko hapa, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kila kitu kinachokwenda kina momenta, yaani kiasi cha mwendo chenye mwelekeo wake, na jumla ya momenta haibadiliki kama hakuna kitu cha nje kinachosukuma. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Mwendo wako na wa mtumbwi vinafutana. Positroni na elektroni zilipokutana zilikuwa karibu zimetulia, kwa hiyo jumla ya momenta yao ilikuwa karibu sifuri. Baada ya kutoweka, jumla hiyo lazima ibaki sifuri. Fotoni moja peke yake haiwezi kutimiza sharti hilo, kwa sababu fotoni haijui kusimama: daima inakwenda kwa kasi ya mwanga, na daima ina momenta ya kuelekea upande fulani. Zinahitajika angalau mbili, na zikiwa mbili hakuna namna nyingine ila zielekee pande zinazotazamana kinyume kabisa, kila moja ikifuta mwendo wa mwenzake. Na kwa kuwa momenta ya fotoni inategemea nishati yake tu, momenta zikilingana basi nishati pia zinalingana. Ndiyo maana kila fotoni hubeba nusu kamili, kiloelektronivolti 511, ambayo ni sawasawa na tungamo la elektroni moja likigeuzwa nishati. Fotoni tatu zinawezekana, lakini ndani ya tishu hutokea mara chache sana, na tunaweza kuziacha.

Elekeo lenyewe ni la kubahatisha. Jozi moja itakwenda kulia na kushoto, inayofuata juu na chini, nyingine itapita kwenye uwazi wa pete, kichwani au miguuni, na haitaonekana kabisa. Sheria haisemi jozi ielekee wapi. Inasema tu kwamba fotoni zake mbili zipeane mgongo.

Hilo peke yake linatosha kutupa mstari. Tuseme fotoni moja imeipata fuwele A na nyingine fuwele B. Vuta uzi kutoka A hadi B, kisha ujiwazie umesimama mahali popote juu ya uzi huo. A iko mbele yako, na B iko mgongoni pako sawasawa. Sogea kulia au kushoto, ukiwa bado juu ya uzi, na hali ni ileile: ukiikaribia A, unajitenga na B, lakini haziachi kutazamana kupitia kwako. Sasa toka nje ya uzi, hatua moja tu kando. Ukiitazama A, B haiko tena mgongoni. Imehamia ubavuni kidogo, na pembe kati yake na A imepungua chini ya nyuzi 180. Fotoni zinazopeana mgongo haziwezi kuzifikia A na B zote mbili kutoka hapo. Kwa hiyo kila mahali nje ya uzi pamekataliwa, na kila mahali juu ya uzi pamekubaliwa kwa usawa. Mwelekeo tumeupata, umbali hatujaupata. Hiyo ndiyo sababu ni mstari na si nukta.

Ili uone thamani ya mstari huo, fikiria fotoni ingekuwa moja. Fuwele ikimweka kwa fotoni moja, haisemi fotoni ilitoka upande gani. Ingeweza kutoka popote mwilini. Kamera za gama, zinazotumia dawa za fotoni mojamoja, hulazimika kuweka bamba zito la risasi lenye maelfu ya matundu membamba mbele ya fuwele, ili fotoni ipite tu ikiwa imekuja moja kwa moja kupitia tundu. Bamba hilo huziua karibu zote: inapita takriban moja katika kila 10,000. Kwenye PET kazi hiyo ya risasi hufanywa na fotoni pacha. Gordon Brownell na William Sweet, huko Boston mwanzoni mwa miaka ya 1950, walihitaji fuwele mbili tu zilizowekwa pande mbili za kichwa cha mgonjwa, zikisogezwa pamoja, kutafuta uvimbe wa ubongo. Fuwele zote mbili zikimweka pamoja, chanzo kilikuwa katikati yao. Pete ya leo yenye maelfu ya fuwele inafanya jambo lilelile kwa jozi nyingi kwa mpigo.

Sasa neno "kwa wakati mmoja". Fotoni zinaanza safari pamoja, lakini hazifiki pamoja isipokuwa chanzo kiko katikati kabisa ya mstari. Tupige hesabu. Pete ina kipenyo cha sentimita 80, na chanzo kipo sentimita 10 kutoka kitovu chake, upande wa A, kwenye mstari unaopita kitovuni. Fotoni ya kwanza ina sentimita 30 za kwenda, ya pili ina 50. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. A inamweka baada ya nanosekunde 1, na B baada ya nanosekunde 1.67 hivi. Tofauti ni theluthi mbili za nanosekunde.

Kumbe basi muda unajua mahali chanzo kilipo juu ya mstari! Tofauti ya theluthi mbili za nanosekunde inalingana na sentimita 20 za mwanga, na nusu yake, sentimita 10, ndiyo umbali wa chanzo kutoka katikati. Tunagawa kwa mbili kwa sababu kila sentimita chanzo kinaposogea upande wa A inapunguza njia ya fotoni moja na kurefusha ya nyingine. Tatizo ni saa. Mmweko wa fuwele hauwaki na kuzimika papo hapo, na saa ya kigunduzi inabahatisha kidogo mwanzo wake. Ikiwa saa inakosea nusu nanosekunde, nukta yako inayumba kwenye mstari kwa sentimita 7 na nusu. Mashine bora za sasa zinafika karibu na pikosekunde 200, yaani sehemu ya tano ya nanosekunde, na hiyo bado ni sentimita 3. Ni kipande cha mstari, si nukta. Hata hivyo kipande hicho kina faida kubwa kwa mgonjwa mnene: badala ya kulisambaza kila tukio kwenye urefu wote wa mwili, unalisambaza kwenye sentimita chache, na picha inakuwa na chengachenga kidogo zaidi. Ukali wa picha yenyewe, yaani uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu, bado unatoka kwenye wembamba wa mstari.

Mashine isiyotumia muda namna hiyo inauliza swali jepesi zaidi: je, mimweko hii miwili imepishana kwa nanosekunde chache tu? Kwenye pete yetu, pacha hawawezi kupishana zaidi ya nanosekunde 2.7, maana huo ndio muda wa mwanga kuvuka kipenyo chote. Ukiongeza makosa ya saa, ukikubali tofauti ya hadi nanosekunde 4 hutawapoteza. Mimweko iliyopishana zaidi ya hapo hutupwa.

Nukta basi inapatikana vipi? Kwa mistari mingi. Chanzo kile kile hutoa jozi nyingine, halafu nyingine, kila moja ikielekea upande wake, na mistari yao yote hupitia mahali pamoja. Kwa chanzo kimoja kidogo, mistari miwili isiyolingana ingetosha. Lakini mwili wa mgonjwa una vyanzo kila mahali, vingine vikali na vingine hafifu, na mistari yao imechanganyika kama nyuzi za kitambaa. Kwa hiyo tunahesabu kila mstari ulipata jozi ngapi, halafu kompyuta inatafuta mgawanyo wa dawa mwilini ambao ungezaa hesabu hizo.

Hesabu hizo hupangwa kwenye jedwali linaloitwa sinogramu. Kila mstari una mahali pake humo: upande mmoja ni pembe ya mstari, upande mwingine ni umbali wake kutoka kitovu cha pete. Chanzo kimoja kilichokaa pembeni huchora wimbi kwenye jedwali hilo, kwa sababu kadiri unavyozungusha pembe, mistari inayokipitia husogelea kitovu na kukiacha, kwa zamu. Ninalipenda jedwali hili kuliko picha yenyewe, maana halifichi kitu. Asubuhi moja, kabla ya wagonjwa kuanza kuingia, niliweka silinda yetu ya jemaniamu-68 katikati ya pete kama ilivyo kawaida. Silinda hiyo imejaa sawasawa, kwa hiyo sinogramu yake inatakiwa kuwa ukanda laini. Siku hiyo ulikatwa na mstari mweusi uliokwenda mshazari. Ukielewa mstari wa fotoni mbili, ule mshazari unajieleza wenyewe: mistari yote inayoanzia kwenye kigunduzi kimoja na kutawanyika kwenda upande wa pili wa pete hubadilisha pembe na umbali kwa pamoja, hivyo hupangika mshazari. Kigunduzi kimoja kilikuwa kimekufa, na kilikufa na mistari yake yote. Mapengo yale yangepenya kwenye picha za siku nzima kama michirizi. Tuliahirisha wagonjwa mpaka kilipobadilishwa.

Swali lako la pili, mashine inajuaje kwamba fotoni zimetoka mahali pamoja, jibu la kweli ni kwamba kwa jozi moja moja haijui. Inakisia kutokana na muda na nishati, na wakati mwingine inakisia vibaya.

Kosa la kwanza ni jozi za sadfa. Fotoni nyingi hupokewa bila pacha wake, kwa sababu pacha alitoka nje ya pete au alimezwa na mwili. Tuseme A inamweka mara 1,000 kwa sekunde na B vivyo hivyo, kila moja kwa fotoni za mbali zisizohusiana. Ukikubali tofauti ya nanosekunde 4 kwa kila upande, mimweko yao itagongana kwa bahati mara moja kila dakika mbili hivi. Inaonekana si kitu. Lakini pete ina mamia ya mamilioni ya jozi za A na B, na kila mgongano wa bahati huchora mstari ambao hakuna kitu chochote juu yake. Ukiongeza dawa maradufu, jozi za kweli zinaongezeka maradufu lakini za sadfa zinaongezeka mara nne, ndiyo maana kumchoma mgonjwa dozi kubwa hakuboreshi picha bila kikomo. Njia ya kuzipima ni nzuri sana. Unachelewesha kwa makusudi ishara za B kwa nanosekunde 100, kisha unahesabu migongano tena. Pacha wa kweli hawawezi kupishana kwa nanosekunde 100, kwa hiyo kila mgongano unaouona sasa ni wa bahati tu, na idadi yake unaitoa kwenye hesabu ya mwanzo.

Kosa la pili linauma zaidi. Fotoni zimetoka mahali pamoja kweli, zimefika kwa wakati, lakini moja imegonga elektroni njiani na kukunja kona. Rudi kwenye pete yetu, chanzo kikiwa kitovuni. Fotoni ya kushoto inafika bila tatizo. Ya kulia inakwenda sentimita 10, inapinda kwa nyuzi 30, kisha inaendelea mpaka fuwele nyingine. Mashine huvuta uzi kati ya fuwele hizo mbili kama kawaida, na uzi huo unapita karibu sentimita 8 kutoka kwenye chanzo. Sentimita nane ni kiungo kingine kabisa cha mwili.

Nishati ingeweza kutusaidia, kwa sababu fotoni iliyopinda hupoteza sehemu yake. Iliyopinda nyuzi 90 hubaki na nusu tu, na hiyo tunaikataa bila shaka. Lakini hii ya nyuzi 30 bado ina kiloelektronivolti 451, na fuwele zetu hukosea kupima nishati kwa takriban sehemu ya kumi. Ukiweka kizingiti juu ya 451 utazikataa pia fotoni nyingi njema za 511 ambazo fuwele imezisoma chini. Kwa hiyo kizingiti huwekwa chini kidogo, karibu 435 kwenye mashine nyingi, na fotoni zilizopinda kidogo hupita. Zile huondolewa kwa hesabu, kwa kukadiria kutoka kwenye umbo la mwili ni ngapi zilitarajiwa kupinda. Kuna namna ya kuona kwa macho kwamba makadirio hayo yamefanya kazi au la: tazama nje ya mwili. Hewa haina dawa, kwa hiyo ukiona ukungu unazunguka mwili, hesabu imeacha fotoni zilizopinda. Ukiona doa jeusi kuzunguka kibofu kinachong'aa sana, hesabu imezidisha na kufuta hata zile za kweli.

Kosa la tatu halina dawa, kwa kuwa liko kwenye ile sheria tuliyoanza nayo. Nilisema positroni na elektroni zilikuwa "karibu" zimetulia. Positroni ndiyo imechoka, lakini elektroni iliyokutana nayo ilikuwa ndani ya molekuli ya maji, na elektroni ndani ya molekuli haitulii kamwe. Jumla ya momenta haikuwa sifuri kamili, kwa hiyo fotoni hazipeani mgongo kikamilifu. Zinapishana na mstari ulionyooka kwa takriban nusu nyuzi. Chanzo kikiwa kitovuni mwa pete ya sentimita 80, nusu nyuzi kwa umbali wa sentimita 40 inaihamisha fotoni milimita 3 na nusu kwenye pete. Uzi ukivutwa kutoka fuwele hiyo hadi ya upande wa pili, unakikosa chanzo kwa nusu ya hapo, kama milimita 1.7. Hata ukitengeneza fuwele nyembamba kama nywele, kosa hilo litabaki, kwa sababu fotoni zenyewe hazikunyooka.

Kinachoweza kulipunguza ni pete ndogo tu, maana mpishano wa pembe ile ile unakua kadiri fotoni inavyosafiri. Mashine za kupima panya hutumia nafasi hiyo. Pete yenye kipenyo cha sentimita 15 hushusha kosa hili hadi theluthi moja ya milimita, na hapo kinachotawala kinakuwa kingine: ile safari fupi ya positroni kabla haijakutana na elektroni. Mstari unapita mahali positroni ilipofia, si mahali florini ilipokuwa.